Andika Jina la Mwezi, Taja na Siku

Ofisi moja ya Dar es Salaam inaandaa kikao cha mtandaoni na mjumbe wa bodi anayeishi Minneapolis. Katibu anamwandikia barua pepe: "Tukutane 08/07/2026 saa 10." Anakusudia tarehe 8 Julai. Huku kwetu siku hutangulia mwezi, lakini Marekani mwezi ndio hutangulia, na mjumbe aliyezoea ya huko anasoma 7 Agosti. Anajibu, "Sawa kabisa." Hakuna anayeshtuka mpaka kikao kinaanza bila yeye.

Kosa hili hujificha kwa sababu tarehe zote mbili zipo kwenye kalenda. Angeandikiwa 25/07/2026 angeelewa papo hapo, maana hakuna mwezi wa 25. Hatari iko kwenye siku 12 za mwanzo wa kila mwezi, ukiondoa ile moja ambayo namba zake hulingana, kama 07/07. Zinabaki siku 11 kila mwezi, yaani 132 kwa mwaka. Kuweka nukta badala ya mkwaju hakusaidii, kwa kuwa namba zimebaki palepale.

Kinachosaidia ni kuandika mwezi kwa herufi: 8 Julai 2026. Hapo utata umekwisha. Hata hivyo, mimi husisitiza siku ya wiki nayo itajwe, kwa sababu inafanya kazi nyingine: inamkagua mwandishi mwenyewe. Tarehe 8 Julai 2026 ni Jumatano. 7 Agosti ni Ijumaa. Katibu akikosea akaandika "Jumatano, 9 Julai", msomaji makini ataona haviendani na atauliza. Ila siku hiyo itazamwe kwenye kalenda, isikisiwe.

Saa nayo ina mtego wake. "Saa 10" kwa Mswahili inaweza kuwa jioni au alfajiri, na kwa aliyezoea saa za Kizungu ni saa nne. Tena ni saa ya mji upi? Julai, Dar es Salaam iko mbele ya Minneapolis kwa saa 8. Kwa hiyo katibu angeandika hivi:

"Kikao ni Jumatano, 8 Julai 2026, saa 10 jioni ya Dar es Salaam (16:00), ambayo ni saa 2 asubuhi ya Minneapolis (08:00). Tafadhali thibitisha kwa kutaja siku na saa ya huko kwako."

Ombi hilo la mwisho lina uzito. "Sawa" haithibitishi chochote, lakini mjumbe akijibu "Ijumaa asubuhi", kosa linaonekana mapema na kurekebishwa. Na kama kikao hurudiwa kila mwezi, saa ya Minneapolis ihesabiwe upya kila mara: Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na tofauti huwa saa 9 mpaka Machi.