Kukatwa Pesa Mara Mbili Si Suala la Dakika

Swali huja kwa maneno yaleyale: "Tumeweka kizuizi cha dakika mbili na bado wateja wanakatwa mara mbili. Sasa tuweke dakika ngapi?" Nimelijibu kwa simu, kwa barua pepe na nikiwa nimesimama na sahani ya chakula mkononi. Jibu halijabadilika: ziondoeni zote.

Kizuizi chenyewe hufanya hivi. Ombi la malipo likifika, seva inatazama kama nambari hiyohiyo ya simu imelipa kiasi hichohicho ndani ya dakika mbili zilizopita. Ikikuta malipo hayo, inalikataa ombi kwa kuliona ni marudio. Kinapendwa kwa sababu huandikwa kwa mistari mitatu, na kikijaribiwa ofisini Nairobi, penye mtandao usioyumba, hakikosei.

Kipelekeni Merti. Mji uko kando ya Ewaso Ng'iro, katika kaunti ya Isiolo, na biashara yake ni mifugo. Tuseme mfumo wenu unakusanya ada ya soko kwa M-Pesa, na tufanye hesabu kwa shilingi 50 kwa kila mbuzi; bei hiyo nimeibuni mimi. Dalali amenunua mbuzi wanane kwa mzee mmoja, analipa 400. Kabla dakika haijaisha amepatana na jirani ya mzee huyo, mbuzi wanane wengine, analipa 400 tena. Simu ni ileile na kiasi ni kilekile, lakini deni ni jingine kabisa. Kizuizi kinamjibu kwamba ameshalipa. Anafika langoni na risiti moja kwa mbuzi kumi na sita, na hapo mweleze askari habari za seva.

Sasa geuza. Dalali huyohuyo analipa 400, dirisha la M-Pesa linatokea, anaweka PIN, pesa inakatwa. Mtandao unapotea kabla jibu la seva yenu halijafika kwenye programu, nayo inamwandikia "imeshindikana". Anatia simu mfukoni na kwenda kupakia mbuzi kwenye lori. Robo saa baadaye mtandao unarudi, programu inatuma ombi upya, na dakika zenu mbili zimekwisha kitambo. Dirisha linatokea tena. Yeye anaamini lile la kwanza lilikwama, kwa hiyo anaweka PIN kwa moyo mweupe. Amekatwa 800.

Kizuizi kimoja kimemkatalia malipo halali na kupitisha malipo ya makosa. Ongezeni dakika ziwe 20, na dalali wa kisa cha pili atapona kwa kuwaumiza watu wengi zaidi wa kisa cha kwanza. Dakika sahihi haipo, kwa sababu seva haihitaji kujua saa. Inahitaji kujua kama hili ni lipo jipya au ni lilelile linalotumwa tena, na hilo haliwezi kusomwa kwenye kiasi, simu wala wakati. Anayelijua ni programu iliyo mkononi mwa mlipaji, kwa hiyo ndiyo iseme.

Wengine hunijibu kwamba wao wamezima kitufe cha "Lipa" baada ya kubonyezwa. Vizuri, kizimeni. Lakini aliyerudia kutuma katika kisa cha lori ni programu yenyewe, na hakuna kidole kilichogusa kitufe.

Dawa ni ufunguo wa ombi. Mlipaji anapothibitisha "lipa 400 kwa mbuzi hawa", programu inazalisha UUID moja, inaihifadhi kwenye simu kabla ya kutuma chochote, kisha inaiambatisha kila inaporudia ombi hilo, iwe mara mbili au hamsini. Wengi wameng'ang'ania kichwa `Idempotency-Key`, na hakina ubaya. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni UUID kuzalishwa ndani ya kipande cha msimbo kinachorudia kutuma. Hapo kila jaribio linakuja na ufunguo mpya, na mmejenga mfumo mzima usiozuia kitu.

Upande wa seva, ufunguo ukae kwenye jedwali la malipo lenyewe:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  id         bigserial PRIMARY KEY,
  mlipaji_id bigint  NOT NULL,
  ufunguo    uuid    NOT NULL,
  kiasi      integer NOT NULL,
  hali       text    NOT NULL DEFAULT 'mpya',
  risiti     text    UNIQUE,
  UNIQUE (mlipaji_id, ufunguo)
);

INSERT INTO malipo (mlipaji_id, ufunguo, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (mlipaji_id, ufunguo) DO NOTHING
RETURNING id;
```

Msitangulize `SELECT` kuangalia kama ufunguo upo. Maombi mawili yakifika pamoja, yote mawili yataangalia, yote hayatakuta kitu, na yote yataendelea. Acheni hifadhidata iamue kwa lile sharti la `UNIQUE`. Ukirudishiwa `id`, wewe ndiye wa kwanza: funga muamala kwa `COMMIT`, ndipo uite M-Pesa. Usiporudishiwa kitu, soma safu iliyopo na umjibu mteja hali yake bila kumwita mtu yeyote. Ufunguo ukiwa uleule lakini kiasi ni kingine, kataa. Kuna hitilafu kwenye programu.

Sasa penye ugumu. Umeshafunga muamala, umeituma Daraja ifungue dirisha la PIN, na jibu la Daraja ndilo lililopotea. Huna `CheckoutRequestID`, na bila hiyo huwezi hata kuuliza ombi limefikia wapi. Ufunguo wako Daraja haiujui. Ukituma tena, kwao ni ombi jipya na dirisha jipya. Kwa hiyo usitume. Badilisha hali iwe `haijulikani` na usubiri taarifa ya matokeo. Taarifa hiyo hairudishi ile `AccountReference` uliyoituma, kwa hiyo namna ya kuitambua ni kuweka alama ya safu husika ndani ya `CallBackURL` tangu mwanzo, tofauti kwa kila lipo. Usipofanya hivyo, pesa itaingia na hutajua ni ya nani.

Yaliyobaki haraka. Taarifa ya matokeo nayo huweza kufika zaidi ya mara moja. `risiti` kuwa `UNIQUE` kunazuia risiti moja kulipa madeni mawili, na mkiikuta ipo tayari kwenye safu hiyohiyo, jibuni kwamba mmepokea na msifanye zaidi. Mteja akighairi au PIN ikikataliwa, na matokeo yamethibitika, jaribio linalofuata ni lipo jipya na ufunguo mpya. Msinakili saa 24 kutoka kwa Stripe, ambao wameeleza kwamba funguo huweza kufutwa baada ya muda huo: simu ya mfugaji inaweza kukaa siku kadhaa malishoni bila mtandao kisha ikatuma ombi la zamani, na safu za malipo hamzifuti hata hivyo. Zilizokaa `haijulikani` kupita nusu saa zilinganishwe na taarifa ya akaunti na binadamu, wala si na kazi ya usiku inayotuma upya. Kabla ya kuniandikia kwamba imekamilika, tumeni maombi ishirini kwa wakati mmoja yenye ufunguo mmoja, kisha hesabuni safu kwenye jedwali na miito iliyotoka kwenda M-Pesa. Zote mbili lazima ziwe 1.