Gesi ya Ziwa Kivu: Kujenga kwa Hatua au kwa Mara Moja?

Ziwa letu la Kivu lina gesi ya methani nyingi iliyoyeyuka katika maji ya chini. Bomba refu huteremshwa, maji hupanda, na mgandamizo unapopungua gesi hutoka kama povu la soda. Kazi hiyo ilianza kwa udogo. Mwaka 1963 mtambo wa majaribio uliwekwa Cape Rubona, karibu na Gisenyi, nao ukakipa gesi kiwanda cha bia. Mwaka 2008 ukaja mtambo mwingine wa majaribio, wa kutoa umeme. Mwaka 2016 ukafunguliwa ule wa KivuWatt kule Karongi, wenye megawati 26, na mpango wake ulitaja megawati 75 nyingine katika hatua ya pili.

Wengine huuliza: mbona hawakujenga megawati 100 mara moja? Swali ni jema, na jibu lake lapatikana kwa hesabu.

Kwanza tujue kwamba mtambo mkubwa ni nafuu kwa kila megawati. Ukubwa ukiongezeka mara mbili, gharama haiongezeki mara mbili. Wahandisi hukadiria mara nyingi kwamba huongezeka kama mara 1.62. Basi tuchukue mfano. Mtambo wa megawati 25 na ugharimu 100 (tuseme ni mamilioni ya dola). Wa megawati 50 utagharimu 162. Miwili midogo ingegharimu 200. Mjenzi wa mtambo mkubwa ameokoa 38.

Lakini fedha ya kesho si sawa na fedha ya leo. Ikiwa riba ni asilimia 10 kwa mwaka, mwenye 62 leo akiziweka atakuwa na 100 baada ya miaka 5. Kwa hiyo gharama ya 100 itakayolipwa baada ya miaka 5 ina thamani ya sasa ya 62 tu. Ajengaye mtambo mdogo leo, na wa pili baada ya miaka 5, ametumia 100 na 62, yaani 162. Ni sawasawa na yule wa mtambo mkubwa! Alichopoteza kwa udogo amekirudisha kwa kungoja.

Basi miaka 5 ndiyo mpaka. Umeme wa ziada ukihitajiwa baada ya miaka 3, mtambo wa pili una thamani ya sasa ya 75; jumla ni 175, na mkubwa washinda. Ukihitajiwa baada ya miaka 10, thamani ni 39. Jumla ni 139, na hatua zashinda. Riba nayo husogeza mpaka huo. Kwa riba ya asilimia 5 wafika karibu miaka 10, na kwa asilimia 15 hushuka hadi miaka 3 na kitu. Ndiyo maana nchi inayokopa kwa riba kubwa yafaa iende kwa hatua fupi.

Sasa yuko nani ajuaye kwa hakika mahitaji yatakua lini? Tuseme yaweza kuwa baada ya miaka 3 au baada ya 10, kwa bahati sawa. Wastani wa 175 na 139 ni 157, chini ya 162. Na mahitaji yasipokuja kabisa, mwenye hatua amepoteza 100 tu, maana hatua ya pili hailazimishwi. Katika Kivu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maji yaliyotolewa gesi lazima yarudishwe kwenye kina kifaacho, yasije yakavuruga matabaka ya ziwa. Hatua ya kwanza hutoa vipimo ambavyo hakuna karatasi iwezayo kuvitoa.

Lakini kuna kosa la kuangalia. Si kila sehemu ya mtambo hufuata kanuni moja. Injini za gesi husimama mbalimbali. Kununua nne pamoja hakupunguzi sana bei ya kila moja, basi na zije kwa hatua. Njia ya umeme sivyo: nguzo, kazi ya vibarua na njia iliyofyekwa ni karibu zile zile, uwe waya mwembamba au mnene. Aliyejenga njia ndogo leo atalipa karibu njia nzima tena. Hiyo na ijengwe kubwa tangu mwanzo, hata kama injini ni chache.

Kwa hiyo msomaji akiona njia nene ya umeme inayotoka kwenye mtambo mdogo, asiseme upesi kwamba fedha zimetupwa. Na aulize kwanza riba ni ngapi, na hatua ya pili yatazamiwa mwaka gani.