Swali la Familia Likae Wapi? Fani ya Barua ya Kirafiki ya Kifaransa

Makala haya yanachunguza jambo ambalo sisi tuliotoka Mbulu na Hanang hulikuta mara tu tunapoagizwa kumwandikia rafiki wa kalamu kwa Kifaransa. Mada yenyewe ni ileile siku zote: eleza maisha yako ya kila siku katika jiji kubwa, kisha muulize mwenzako habari za familia yake. Neno linalotuponza ni hilo "kisha".

Kwetu barua huanza na salamu. Mimi ni mzima, hofu ni kwako, baba hajambo? mama je? wadogo wanaendelea na shule? Baada ya hapo ndipo linapokuja dhumuni la barua. Anayedai kwamba salamu hizo ni maneno ya kujazia karatasi hajaiona kazi yake katika fani: ndizo zinazoonyesha nani anasema na nani. Barua ya Kifaransa mara nyingi hupangwa vingine. Juu kulia huandikwa mji na tarehe, kwa mfano "Dar es Salaam, le 14 mai", halafu "Chère Claire", na mwandishi anaingia katika habari zake. Familia huulizwa karibu na mwisho, kabla ya kuaga. Nionavyo mimi, hapo hakuna ubaridi wowote. Swali la mwisho humwachia msomaji zamu ya kuandika.

Tuchukue barua ya mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Katesh, aliyekuwa akisoma Dar es Salaam. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na salamu robo tatu ya ukurasa, na jiji lilibanwa katika mistari minne. Mwalimu wake alizikata salamu zote kwa kalamu nyekundu. Hapo, kwa maoni yangu, mwalimu alizidisha. Sentensi moja inatosha na Kifaransa kinaikubali kabisa: "J'espère que tu vas bien, ainsi que ta famille", yaani natumaini hujambo, pamoja na familia yako. Baba, mama na wadogo wasubiri mwisho.

Kwenye jiji ndiko kulikokuwa na kichekesho. Aliandika "Je me lève à onze heures", akimaanisha kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala. Mfaransa akisoma hivyo atamwona bwana huyu analala mpaka jua kali, kwa sababu saa zake zinahesabiwa toka usiku wa manane. Ilipaswa kuwa "à cinq heures". Daladala lenyewe aliliita "bus" tu, na harufu yote ya jiji ikapotea. Afadhali kuliacha jina lake, "le daladala", na kueleza kwamba ni basi dogo ambalo kondakta wake hujaza abiria mpaka mlangoni.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa viwakilishi. Rafiki wa kalamu wa rika lako huitwa "tu" toka barua ya kwanza. Mwenzangu alianza vizuri, lakini alipofika kwenye familia akaandika "Comment va votre mère ?" Msomaji Mfaransa anashtuka: mbona ghafla naheshimiwa kama mkuu wa ofisi? Chanzo chake ni Kiswahili chetu. Tunamuuliza mtu mmoja "kwenu hawajambo?" kwa wingi, maana nyumba si ya mtu mmoja. Kifaransa kinataka "ta mère", "ton père", "tes parents". Halafu kuna baba mdogo. Akiandikwa "mon père", Claire atahesabu baba wawili. Akiandikwa "mon oncle", anachanganyika na mjomba. Jawabu ni kufafanua: "mon oncle, le frère cadet de mon père", yaani mdogo wake baba.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba mpangilio huu ni amri. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mwenzangu alikuwa Dar. Barua ya Claire iliyofuata haikuwa na habari za Lyon wala za hali ya hewa. Chini ya jina lake tu, mstari wa kwanza ulikuwa "Comment va ta famille ?" Maudhui yalikuwa yamelihamisha swali hadi pale ambapo bibi zetu wangeliweka. Naye akajibu kwa mpangilio wa nyumbani, mmoja mmoja: mama mzima, wadogo wazima, baba mdogo yuko hai ila nyumba imekwenda na matope. Kuhusu jiji hakuandika hata neno.