Maneno ya Getini, Daftari la Jioni

"Hodi! Shikamoo mama. Mnahitaji huduma ya kusafisha tangi la maji?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, tukihitaji tutakutafuta."

Geti linafungwa. Muuzaji ana bidii na adabu, lakini swali lake linajibika kwa neno moja, na neno hilo likishatoka hana pa kushika.

Tuchukue mfano wa vijana wawili wanaosafisha matangi ya plastiki katika mitaa ya Tabata, Dar es Salaam, kwa shilingi 30,000 tangi la lita 1,000. Nyumba nyingi huko huweka akiba ya maji, hivyo wateja wapo. Kinachowapungukia ni maneno ya kuuzia yaliyoandikwa, ambayo wenye mauzo huyaita skripti.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1887, kampuni ya mashine za kuhesabia fedha dukani ya John Patterson, huko Dayton, Marekani, iliandika maneno ya muuzaji wake hodari na kuwataka wengine wayakariri. Kukariri neno kwa neno kuna kasoro yake: mteja huisikia sauti ya mtu anayesoma. Kinachofaa kukaririwa ni mwanzo, swali na bei. Katikati yaachiwe mazungumzo.

Vijana wetu wanaandika upya: "Shikamoo mama. Sisi tunasafisha matangi ya maji hapa mtaani, leo tupo nyumba ya pili kutoka hapa. Hivi tangi lenu lilisafishwa lini mara ya mwisho?" Kisha wananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, maana muuzaji mwenye wasiwasi hukimbilia kujijibu mwenyewe. Mama anafikiri, anamwita mtoto, anakumbuka kwamba tangi halijafunguliwa tangu walipohamia. Sasa kijana anaweza kuomba ruhusa ya kumulika ndani kwa tochi ya simu. Mama akiona tope lililotulia chini, swali la bei atalileta mwenyewe.

Akifungua dada wa kazi, skripti hiyo haifai. Dada hana mamlaka ya kutoa fedha, na kumbana ni kumtia matatani. Aulizwe tu mwenye nyumba hurudi saa ngapi, aachiwe kikaratasi chenye bei na namba ya simu, na ashukuriwe kwa heshima. Wiki ijayo ni yeye atakayefungua tena.

Tuseme Jumamosi moja wamebisha mageti 40. Mageti 16 hayakufunguliwa. Kwenye 11 walikuta dada au mlinzi. Wenye nyumba waliozungumza nao ni 13: wawili walikubali papo hapo, watano walikataa, sita wakasema "tutawatafuta". Wauzaji wengi huwahesabu hao sita pamoja na waliokataa, na hapo ndipo jasho la siku nzima linapomwagika. "Tutawatafuta" mara nyingi ina jambo nyuma yake: mshahara haujatoka, baba hajaulizwa, au tangi bado limejaa na haifai kumwaga maji. Swali moja la upole hulitoa: "Sawa mama, tukupigie mshahara ukitoka au maji yakipungua?"

Jibu hilo liandikwe daftarini jioni ileile, kabla halijasahaulika: nyumba, jina, namba, alichosema kwa maneno yake, na tarehe ya kumrudia. Anayeandika "anafikiria" hatakuwa na la kusema akipiga simu. Anayeandika "tangi limejaa, anasubiri lipungue" atapiga siku ya nne na kuanza hivi: "Mama, ulisema tangi limejaa. Limefikia wapi sasa?" Mama hujua kwamba alisikilizwa.

Utaratibu wao ni mwepesi. Jioni ya siku ya kwanza, ujumbe mfupi wenye bei. Siku waliyokubaliana, simu moja, baada ya saa kumi na moja jioni lakini kabla ya magharibi. Asipopokea, simu ya mwisho huwa mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wanaacha. Namba huchukuliwa kwa ridhaa tu, na mteja huelezwa itatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Akisema asipigiwe, jina lake hukatwa kwa mstari palepale.

Daftari pia hufichua skripti inapovuja. Wakikataliwa kabla ya swali la tangi, mwanzo ni mrefu mno. Wakikataliwa baada ya bei, pengine walitaja bei kabla mama hajaona tope.

Na wale wawili waliokubali? Majina yao huhamishiwa ukurasa wa mbele wa miezi sita, pamoja na tarehe tangi liliposafishwa. Siku ikifika, kijana hupiga na kuitaja tarehe hiyo, na safari hii ni yeye anayejua jibu la swali lake.