Mlima wa nyuma ya picha: jinsi ya kuufanya uonekane uko mbali kweli

Ikiwa una studio ndogo ya picha kambini au kijijini jirani, huenda umeshaombwa kazi hii: mteja anapigwa picha hapa, kisha anataka nyuma yake uwekwe mlima wa kwao. Chukua mfano wa mteja aliyetoka Goma, anayeishi sasa Nakivale, Uganda, na anayetaka Nyiragongo nyuma yake. Ukiukata mlima na kuubandika tu, utaonekana kama karatasi iliyogandishwa mgongoni mwake. Kwa kawaida kosa haliko kwenye mkasi. Liko kwenye hewa.

Kati ya kamera na mlima kuna kilomita nyingi za hewa yenye mvuke, vumbi na moshi. Hewa hiyo inamulikwa na jua, kwa hiyo inaongeza mwanga wake juu ya kila kitu kilicho nyuma yake. Weusi ndio unaoathirika zaidi: kivuli cha bonde kilicho mbali hakiwi cheusi tena, kinakuwa kijivu. Rangi nazo hufifia na kuelekea rangi ya anga pale chini inapokutana na ardhi.

Kwa hiyo anza kwa kupima picha ya mteja. Katika programu ya GIMP, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta, tumia Color Picker kusoma mahali peusi kabisa kwa kila umbali. Namba huanzia 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili. Tuseme umepata 15 kwenye suruali nyeusi ya mteja, 40 kwenye vivuli vya mikaratusi iliyo nyuma yake, 95 kwenye kilima cha mwisho, na 205 kwenye anga juu tu ya kilima hicho. Namba zinapanda kadiri unavyokwenda mbali. Mlima wako uko nyuma ya kilima, basi weusi wake lazima uwe zaidi ya 95 na usifike 205.

Sasa panga matabaka. Chini kabisa weka picha yenyewe, juu yake mlima uliokatwa, na juu ya mlima nakala ya picha iliyofutwa anga, ili kilima na mteja waufunike mlima kwa mbele. Kisha bonyeza tabaka la mlima, nenda Layer > Transparency > Alpha to Selection, fungua tabaka jipya juu yake tu, na ulijaze rangi ya anga uliyoipima. Kwenye Mode ya tabaka hilo chagua kundi la Legacy, ubaki na Normal, kisha weka Opacity 60. Kama weusi wa mlima ulikuwa 15, hesabu ni asilimia 40 ya 15 na asilimia 60 ya 205, yaani takriban 129. Mlima umeshakaa nyuma ya kilima.

Usitumie bluu ya kubuni. Msimu wa kiangazi, watu wanapochoma mashamba, ukungu wa mbali huwa wa kahawia. Asubuhi baada ya mvua huwa mweupe wenye ubluu kidogo. Picha yako inajua hali ya siku ile.

Nyiragongo una urefu wa karibu mita 3,470, na hewa chafu hukaa zaidi chini. Kwa hiyo ukungu uwe mzito kwenye miguu ya mlima na mwepesi kileleni. Ongeza Layer Mask kwenye tabaka la rangi, kisha kwa Gradient upake kutoka weupe chini hadi kijivu chepesi juu, mpaka kileleni ibaki kama asilimia 45. Hapo weusi utakuwa karibu 100, bado juu ya 95 ya kilima.

Wengi hupunguza Opacity ya mlima wenyewe badala ya kuongeza tabaka la rangi. Anga ikiwa tupu inaweza kukubali, lakini kukiwa na mawingu, yataonekana yakipita ndani ya mwamba. Wengine huufifisha kwa Blur. Umbali hauondoi ukingo wa mlima. Siku ya kawaida mstari wa kilele unabaki safi, ila rangi ndiyo hafifu.

Ili kujikagua, geuza nakala ya picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha uitazame ikiwa ndogo kama stempu. Mlima ukikurukia macho kabla ya mteja, ongeza ukungu. Tazama pia jua: likimpiga mteja upande wa kushoto na mlima upande wa kulia, hakuna ukungu utakaouokoa.

Mwisho, andika pembeni “picha imeunganishwa”. Kazi ikifanikiwa, mtu atakayeiona kwenye simu anaweza kuamini kwamba mteja wako amerudi Goma, na maswali yatamfikia yeye. Picha ya kitambulisho au ya faili la ukimbizi usiiguse kabisa kwa njia hii.