Video ya stetasi unayo tayari

Swali ni lile lile: "Fundi, nipakue programu gani ya kuhifadhi stetasi za WhatsApp?" Usipakue yoyote. Video unayoitaka ulishaipakua mwenyewe, kwa bando lako, pale ulipoitazama.

Kwenye Android, WhatsApp huileta video simuni ndipo ikuonyeshe. Huiweka kwenye folda iitwayo `.Statuses`, na ile nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha galari isiione. Programu za kuhifadhi stetasi huingia humo, zikanakili faili, zikaliweka pengine. Ufundi wao ni huo tu, nawe unaulipia kwa matangazo yanayoziba skrini na kwa ruhusa ya kupekua mafaili yako. Huamini? Tazama stetasi moja hadi mwisho, zima data, kisha fungua programu hiyo. "Itaihifadhi" bila intaneti, maana haikutoa kitu mtandaoni. Na video ambayo haijafika simuni haitaiona kamwe.

Wengine hukimbilia GB WhatsApp. Hiyo si ya WhatsApp. Ni toleo lililochezewa na watu usiowajua, na unawakabidhi meseji zako zote. WhatsApp ikigundua, hufungia akaunti. Yote hayo kwa kazi ya kunakili faili moja!

Fanya hivi. Fungua Files by Google, nenda Settings, washa `Show hidden files`. Kisha fuata njia hii kwenye hifadhi ya ndani ya simu:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/.Statuses
```

Bonyeza video na ushikilie, chagua `Copy to`, iweke kwenye Movies. Galari itaionyesha. Wahi kabla saa 24 za stetasi hazijaisha, kwani WhatsApp hulifuta faili lake yenyewe.

Nakala yako haifutwi na mtu, na hapo ndipo kilio cha "memori imejaa" kinapoanzia. Chukua video ya MB 8. Umeinakili: MB 8 zimekaa Movies. Ukiituma kwenye kundi la familia, WhatsApp hutunza nakala nyingine kwenye folda ya Sent. Kesho stetasi imetoweka, wewe umebaki na video ile ile mara mbili. Ukisafisha ndani ya WhatsApp, ile ya Movies haiguswi, maana WhatsApp haiihesabu.

Kwa hiyo safisha kote kuwili. Ndani ya WhatsApp: Settings, `Storage and data`, `Manage storage`, anza na mafaili yanayozidi MB 5. Hapo hapo kwenye `Storage and data` zima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Kwenye Chats zima `Media visibility`, picha mpya za makundi zisiingie galari. Mwisho futa Movies usivyovihitaji, kisha umwage na pipa la taka la galari. Kabla ya hapo nafasi hairudi.

Mwenye iPhone, folda hiyo huifikii. Mwombe mwenye stetasi akutumie.