Barua Zilizofutwa Hazikuondoka

Mwezi uliopita, diski ya kompyuta ya ofisi yetu ya mitihani ilikaribia kujaa. Nilifuta barua pepe 40, kila moja ikiwa na kiambatisho cha karatasi za mtihani chenye megabaiti 15, kisha nikamwaga pipa la taka. Lahaula! Nafasi haikuongezeka.

Sababu ni hii. Kwa kawaida, programu ya Thunderbird huziweka barua zote za kikasha katika faili moja, Inbox. Barua ikifutwa hutiwa alama tu. Maandishi yake husalia palepale. Isitoshe, kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi ili kisafiri, kila baiti 3 zikawa herufi 4. Hivyo megabaiti 15 zilikuwa 20, na barua zangu zilikalia takriban megabaiti 800.

Dawa ni amri ya Compact Folders katika menyu ya File. Hiyo hunakili barua zilizobaki katika faili mpya, ndipo ile kuukuu ikaondolewa. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usingoje diski ijae pomoni: faili hiyo mpya nayo yahitaji nafasi. Mimi nililazimika kuhamisha video za michezo kwanza.